Watu watatu, swali moja la N2O4, majibu matatu. Nani kakosea kwenye jedwali la ICE?

#1 Kijana_wa_Ipagala
Wakuu habari za jioni. Tuko watatu tunajisomea hapa Ipagala, kidato cha sita, mchepuo wa PCB. Kuna swali la msawazo limetugawa tangu saa kumi na mpaka sasa hatujaelewana. Liko hivi:

Moli 0.20 za N2O4 zimewekwa kwenye chombo kitupu cha lita 2.0, kikafungwa, joto nyuzi 25. Gesi inavunjika kuwa NO2. Kc ni 0.0046. Tafuta mkolezo wa NO2 msawazo ukishafikiwa.

Mimi nimepata 0.0292. Wa pili kapata 0.0214. Wa tatu kapata 0.0203. Wote tumetumia jedwali la ICE, wote tumeandika x, na kila mtu anaapa. Jibu la nyuma ya karatasi limechanika, imebaki "0.02" tu, sasa hapo si wote watatu tunaweza kushangilia?

#2 Zabibu_Chachu
Nimeona ICE nikajua mnauza barafu, joto la leo Dodoma lilivyo. Nimeingia na jagi langu. Haya natoka.

#3 Fundi_Bomba
Dogo unajisumbua. Kwenye maswali haya lita ni pambo tu, wanaiweka kukubabaisha. Nilisoma haya miaka ile, H2 na I2 kutengeneza HI, tulikuwa tunaingiza moli moja kwa moja, ugawanye kwa lita usigawanye, jibu la x linatoka lile lile. Halafu x ya chini unaipuuza kwa sababu K ni ndogo. Dakika mbili umemaliza. Wa 0.0214 ndiye amesoma.

#4 Kijana_wa_Ipagala
#3 asante kaka. Mimi sikugawanya kwa lita na ndiyo nimepata 0.0292, lakini sikuipuuza x. Sasa kumbe niko nusu sahihi?

#5 Mkaa_Chimwaga
#3 usimpoteze mtoto. Kwa HI uko sahihi kabisa, kwa hili hapana. Angalia HI: molekuli mbili kushoto, mbili kulia. Ukigawanya kila kitu kwa lita 2, juu una lita mara mbili na chini una lita mara mbili, zinakatana. Hapa N2O4 moja inazaa NO2 mbili. Juu kuna mkolezo kipeo cha pili, chini kuna mkolezo mmoja tu. Lita moja inabaki haijapata wa kukatana naye.

#6 Fundi_Bomba
Hiyo ni hesabu ya darasani. Gesi ni gesi, chombo ni chombo.

#7 Mwl_Mstaafu_Kondoa
Habari zenu vijana. Nimefundisha somo hili zaidi ya miaka ishirini na kosa la Fundi nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu mpaka kidole kikaota sugu. Siyo kosa la mjinga. Ni la mtu aliyejifunza kwa mfano mmoja mzuri mno.

Kijana, weka hapa jedwali lako kama ulivyoliandika, usilisafishe. Na wenzako nao.

#8 Kijana_wa_Ipagala
Shikamoo mwalimu. La kwangu:

```
        N2O4        2NO2
I       0.20        0
C       -x          +2x
E       0.20 - x    2x
```

4x² gawanya kwa (0.20 - x) = 0.0046. Nikapata x = 0.0146, mara mbili 0.0292.

Wa pili na wa tatu wana jedwali moja, wote wameanza na 0.10 badala ya 0.20. Tofauti yao ni kwamba wa pili chini aliandika 0.10 peke yake, akasema x ni ndogo. Wa tatu alikwenda na kwadratiki mpaka mwisho.

#9 Mwl_Mstaafu_Kondoa
Marahaba. Jedwali lako lenyewe halina ubaya, ubaya uko pale ulipoliingiza kwenye Kc. Ile c ndogo ni mkolezo, inataka moli kwa kila lita. Wewe umeilisha moli za chombo kizima.

Sasa fanya jambo moja kabla sijasema mengine. Chukua jibu lako, hesabu naitrojeni. Atomu za N haziendi popote, chombo kimefungwa. Mwanzo una moli 0.20 za N2O4, kila moja ina N mbili, kwa hiyo moli 0.40 za N ndani ya lita 2, yaani 0.20 kwa lita. Wewe umesema mkolezo wa NO2 ni 0.0292 na N2O4 iliyobaki ni 0.1854. Ziweke pamoja uniambie.

#10 Kijana_wa_Ipagala
0.0292 + mara mbili ya 0.1854 = 0.40 kwa lita. Duh. Nimezalisha naitrojeni mara mbili ya niliyopewa.

#11 Zabibu_Chachu
Huyu apelekwe kiwanda cha mbolea haraka.

#12 Fundi_Bomba
Lakini akisema hizo ni moli na si mkolezo, naitrojeni inatimia 0.40. Sasa kosa liko wapi? Achukue 0.0292 agawanye kwa 2 mwishoni. Kagawanya baadaye badala ya mwanzo, tabu iko wapi?

#13 Mwl_Mstaafu_Kondoa
#12 hapo umeuliza swali la maana, nakupa heshima yako. Kuna watu wanajaza jedwali lote kwa moli na wanapata sawasawa. Sharti ni moja: lita ziingie *ndani ya Kc*, siyo baada ya kupata x. Ukiandika (2x/2)² juu na (0.20 - x)/2 chini, ukalinganisha na 0.0046, unapata x = 0.0203 za moli, NO2 moli 0.0407 kwenye chombo, gawanya kwa 2 upate 0.0203 kwa lita. Sawa kabisa na mtu wa tatu.

Akifanya unavyosema wewe, anapata 0.0146 kwa lita. Haifanani na jibu la mtu yeyote kati ya wale watatu. Mkishindwa kuelewana mtakuwa wanne.

#14 Dada_wa_Maabara
Niongezee kidogo kwa Fundi maana mimi ni mtu wa macho kuliko mtu wa x. NO2 ni ya kahawia, N2O4 haina rangi. Tuna bomba la sindano la kioo pale kazini, limezibwa mdomo. Ukilibana ghafla kahawia inakoza kwa sababu umeisonga gesi, kisha inapauka kidogo mbele ya macho yako kwa sababu NO2 zinaungana kurudi N2O4. Ukilivuta kinyume chake. Yaani ukubwa wa chombo unabadilisha nani yuko wangapi ndani. Ungekuwa pambo, rangi isingerudi nyuma hata kidogo.

HI haifanyi hivyo. Ukibana inakoza na inabaki pale pale.

#15 Mkaa_Chimwaga
#14 umenikumbusha, nimepiga hesabu sasa hivi. Moli zile zile 0.20, lakini chombo cha lita 20 badala ya 2. Mwanzo ni 0.010 kwa lita. Kwadratiki inatoa x = 0.00286. Hiyo ni asilimia 28.6 ya N2O4 imevunjika. Kwenye lita 2 ilikuwa asilimia 10 tu. K ile ile, joto lile lile, gesi ile ile. Fundi bado ni pambo?

#16 Fundi_Bomba
Haya. Kwenye lita nimekubali. Kwenye kupuuza x sijakubali, na msinilazimishe.

#17 Mama_wa_Nkuhungu
Wanangu samahani kuingilia. Binti yangu ana swali kama hilo kesho, nimemwambia akae hapa pembeni tunasoma wote. Anauliza hiyo gesi inachukua muda gani kufika huo msawazo, dakika au masaa, kwa sababu hakuna mahali mmeweka saa. Na yeye amefanya amepata 0.0193, anasema imekaribia 0.0203 kwa hiyo ni makadirio tu.

#18 Dada_wa_Maabara
Mama, muda haupo kwenye jedwali hata kidogo. K inasema watafika wapi, haisemi watafika saa ngapi. Hii ya N2O4 inafika papo hapo, huwezi hata kuhesabu moja mbili. Kuna nyingine zinakaa siku nzima na jedwali lake ni lile lile.

Kuhusu 0.0193, hiyo inanitia wasiwasi. Muulize chini ya NO2 mstari wa katikati kaandika nini.

#19 Mama_wa_Nkuhungu
Kaandika +x. N2O4 kaandika -x.

#20 Mkaa_Chimwaga
Hapo hapo. Binti kasahau ile 2. Kila N2O4 inayokufa inaacha NO2 mbili, siyo moja. Kwa hiyo kaandika x² gawanya kwa (0.10 - x), akapata 0.0193.

#21 Kijana_wa_Ipagala
Lakini nimelirudisha jibu lake kwenye Kc: 0.0193 kipeo cha pili, gawanya kwa 0.0807, inatoka 0.0046! Imetimia. Mwalimu wetu alisema ukimaliza rudisha kwenye K, ikitoka sawa umepata.

#22 Mwl_Mstaafu_Kondoa
Mwalimu wenu kasema nusu. Kurudisha kwenye K kunakamata kosa la hesabu. Hakukamati kosa la jedwali, kwa sababu lile jibu lilizaliwa na K hiyo hiyo, lazima limfanane mama yake. Hata 0.0292 yako ukiirudisha na 0.1854 inatoka 0.0046, jaribu.

Hesabu naitrojeni ya binti: 0.0193 + mara mbili ya 0.0807 = 0.1807. Ilitakiwa 0.20. Kiasi kilichopotea ni 0.0193, yaani ile NO2 ya pili ambayo hakuizaa. Mwambie binti namba hii haikukaribia kwa makadirio. Imekaribia kwa bahati, na bahati ya aina hiyo ni mbaya, maana mtu anajisamehe na kosa linabaki kichwani.

#23 Mama_wa_Nkuhungu
Amekuna kichwa. Anasema asante, na anasema alijua ile 2 iko kwenye kipeo, akadhani imeshahesabiwa pale.

#24 Dada_wa_Maabara
Wengi wanasema hivyo mama. 2 inaingia mara mbili. Kwenye jedwali kwa sababu wanazaliwa wawili, na kwenye Kc kama kipeo. Ndiyo maana inatoka 4x². Ukiona x² tupu au 2x², kuna 2 imebaki njiani.

#25 Mgogo_Halisi
Mbukwenyi. Mmemsahau mtu wa pili, yule wa 0.0214. Fundi anamngojea pale mlangoni.

#26 Fundi_Bomba
Ndiyo! Nielezeni. Sisi tulifundishwa K ikiwa ndogo x inapuuzwa. 0.0046 si ndogo? Asidi ya siki tulipuuza maisha yetu yote na tulifaulu.

#27 Kipeo_cha_Pili
Asidi ya siki K yake ni 0.000018. Ukianza na 0.10 kwa lita, x inatoka 0.00134, yaani asilimia 1.3 ya ulichoanza nacho. Ukiitoa kwenye 0.10 inabaki 0.0987, ukiiacha ni 0.10, hakuna mtu atakayeona tofauti. Hapo pumzika, puuza.

Hapa kwetu umepuuza ukapata x = 0.0107. Sasa iangalie hiyo x yenyewe: ni asilimia 10.7 ya 0.10. Umesema ni ndogo, halafu imekuja kukwambia mimi ni sehemu ya kumi. Wengi wanatumia mpaka wa asilimia 5. Ikizidi hapo rudi kwenye kwadratiki.

Njia ya haraka kabla hujaanza: gawanya mkolezo wa mwanzo kwa K. Siki inatoa zaidi ya 5,500. Hii inatoa kama 22. Ikiwa chini ya 400 hivi, usipuuze.

#28 Fundi_Bomba
Kwa hiyo "ndogo" ni ndogo kulingana na ulichoanza nacho.

#29 Kipeo_cha_Pili
Ndiyo. K ile ile 0.0046 ukianza na moli 5 kwa lita unaweza kuipuuza x, na ukianza na 0.01 kama ile ya lita 20 utajiaibisha. Kupuuza kule kungekupa 0.0034 badala ya 0.00286.

#30 Mwl_Mstaafu_Kondoa
Na muone tofauti ya makosa haya. Mtu wa pili akihesabu naitrojeni, 0.0214 na 0.0893, inatimia 0.20 vizuri sana. Akirudisha kwenye K inatoka 0.0051 badala ya 0.0046. Kinyume cha binti na kijana, ambao K yao imetimia na naitrojeni haikutimia. Mimi wanafunzi wangu nilikuwa nawataka wafanye vyote viwili, na walinichukia.

#31 Kijana_wa_Ipagala
Mwalimu, 0.0203 inapita kote? 0.0203 na 0.0898: naitrojeni 0.1999, K 0.00459. Imepita. Wa tatu anacheza hapa chumbani.

#32 Zabibu_Chachu
Mwambieni wa tatu anunue soda.

#33 Kipeo_cha_Pili
Kwa wasiopenda kwadratiki, kuna njia ya kuzunguka naipenda zaidi. Pata x kwa kupuuza: 0.0107. Iondoe kwenye 0.10, inabaki 0.0893. Tumia hiyo badala ya 0.10 upige tena: 0.01013. Iondoe, piga tena: 0.01017. Tena: 0.01016. Imetulia. Mara ya tatu tayari umefika. Kwenye kalkuleta yenye kitufe cha Ans unaandika mara moja tu:

```
√(0.0046×(0.10-Ans)÷4)
```

Anza kwa kuandika 0 kisha =, halafu hiyo, halafu unabonyeza = = = mpaka namba zigande. Nilimfundisha mdogo wangu kwenye daladala ya Nzuguni, hajafika Majengo alikuwa ameshaelewa.

#34 Mkaa_Chimwaga
Inafanya kazi hapa. Haifanyi kazi kila mahali, K ikiwa kubwa inaruka ruka au inatoa kipeuo cha namba hasi, kalkuleta inaandika Math ERROR na mtu anafikiri kemia imeisha.

#35 Kipeo_cha_Pili
Kweli. K ikiwa kubwa mimi naanzia upande wa pili, nachukulia yote imevunjika halafu narudisha kidogo. Lakini hiyo ni siku nyingine.

#36 Mgogo_Halisi
Nina swali la pembeni. Kwadratiki inatoa majibu mawili. Ya pili ya hapa ni -0.0113. Tunaitupa kwa sababu ni hasi, sivyo? Kanuni ni kutupa hasi?

#37 Fundi_Bomba
Tupa hasi. Hii hata mimi najua.

#38 Mkaa_Chimwaga
Fundi, Fundi. Hapa tunaitupa, ndiyo, lakini sababu siyo uhasi wake. Sababu ni kwamba NO2 mwanzo ilikuwa sifuri, ukiweka x hasi unapata NO2 ya -0.0226, na hakuna gesi pungufu ya sifuri.

Sasa chukua chombo kingine, nyuzi 25 hizo hizo, umekuta ndani tayari N2O4 ni 0.050 kwa lita na NO2 ni 0.040 kwa lita. Jaza jedwali kama kawaida, N2O4 -x, NO2 +2x. Mlinganyo unakuja 4x² + 0.1646x + 0.00137 = 0. Utapata majibu mawili: -0.0116 na -0.0296. Yote hasi. Utatupa yapi?

#39 Fundi_Bomba
Nitatupa karatasi.

#40 Kijana_wa_Ipagala
Hahaha. Ngoja nijaribu. -0.0116: NO2 ni 0.040 - 0.0232 = 0.0168, N2O4 ni 0.0616. -0.0296: NO2 ni 0.040 - 0.0592 = -0.0192. Hiyo ya pili haiwezekani. Kwa hiyo -0.0116 ni sahihi na ni hasi?

#41 Mkaa_Chimwaga
Ndiyo. Hasi hapo inakwambia mwitikio umerudi nyuma. NO2 zilikuwa nyingi kupita kiasi, zikaungana. Unatupa jibu linaloleta mkolezo wa chini ya sifuri kwenye mstari wa mwisho, usiangalie alama ya x.

#42 Mwl_Mstaafu_Kondoa
Sawa, lakini mimi sikubaliani na kumwacha mwanafunzi aandike x halafu ashangae imetoka hasi. Kabla ya jedwali weka zile za mwanzo kwenye umbo la Kc: 0.040 kipeo cha pili gawanya kwa 0.050 ni 0.032. Hiyo ni kubwa kuliko 0.0046, kwa hiyo utarudi nyuma, umeshajua. Basi andika N2O4 +x na NO2 -2x, x yako inatoka chanya 0.0116 na moyo unatulia.

#43 Mkaa_Chimwaga
Mwalimu kwa heshima zote, mimi naona hiyo ni hatua ya ziada tu. Hesabu inajua yenyewe inakwenda wapi. Ukikosea kupima upande, umekosea na jedwali. Ukiacha alama kama mlinganyo ulivyoandikwa, haukosei kamwe.

#44 Mwl_Mstaafu_Kondoa
Hesabu inajua, mwanafunzi hajui. Na anayesahihisha anataka kuona kama mwanafunzi anajua.

#45 Dada_wa_Maabara
Mimi napima kwanza kama mwalimu, ila ni mazoea. Mkaa hajakosea.

#46 Mgogo_Halisi
Na vizio vya K je? Karatasi ya kijana haijaandika, lakini sisi tulikatwa maksi kwa kutoandika moli kwa lita.

#47 Mkaa_Chimwaga
Chuoni K haina kizio, kila mkolezo unagawanywa kwanza kwa mkolezo wa kiwango wa moli 1 kwa lita.

#48 Mwl_Mstaafu_Kondoa
Sekondari andika moli kwa lita, kwa hili la N2O4. Ukifika chuo utaambiwa vingine. Kwa HI hakuna kizio kwa wote, hapo tunaamkiana vizuri.

#49 Mgogo_Halisi
Yaani kitu kimoja, huku kina kizio kule hakina.

#50 Zabibu_Chachu
Kama shemeji yangu, Chamwino ni mkulima, Dodoma mjini ni mwekezaji.

#51 Mama_wa_Nkuhungu
Binti amerudia yote, kapata 0.0203 na naitrojeni yake imetimia. Anauliza kama anaweza kuita I, C, E kwa Kiswahili ili asisahau.

#52 Dada_wa_Maabara
Mwanzo, Badiliko, Msawazo. MBM. Akiona M ya mwisho akumbuke ndiyo peke yake inayoingia kwenye Kc. Kuna wanaoingiza mstari wa katikati, nimewaona kwa macho yangu.

#53 Zabibu_Chachu
Barafu yetu imeyeyuka basi.

#54 Dada_wa_Maabara
#53 barafu ungeileta pale maabara ingefaa. Mrija wa NO2 uliozibwa ukiuzamisha kwenye barafu unapauka karibu uwe mweupe, ukiutia maji ya moto unakuwa kahawia nzito kama chai ya rangi. Ndiyo maana swali limeandika nyuzi 25. Hiyo 0.0046 ni ya nyuzi 25, mchana wa Oktoba hapa Dodoma chumba kikifika 33 K imeshapanda na hesabu yenu yote inasogea. Ila msijaribu kuitengeneza nyumbani, ile gesi inaunguza mapafu na mtu hahisi kitu mpaka baada ya masaa.

#55 Kijana_wa_Ipagala
Kumbe. Sisi hatujawahi hata kuiona hiyo kahawia, tumeisoma tu. Dada mrija kama huo raia anaweza kuja kuuangalia?

#56 Dada_wa_Maabara
Andikeni barua kupitia shule, mje na mwalimu wenu. Wa 0.0292 na wa 0.0214 ndio mtabeba barafu.

#57 Fundi_Bomba
Na mimi nije?

#58 Dada_wa_Maabara
Njoo na bomba la sindano ulibane mwenyewe.

#59 Kijana_wa_Ipagala
Wakuu mmoja wetu kaleta lingine sasa hivi: PCl5 moli 0.50 chombo cha lita 5, lakini ndani tayari kuna Cl2 moli 0.10. PCl3 hakuna. Mstari wa mwanzo wa PCl3 ni sifuri na wa Cl2 ni 0.020, sivyo? Na safari hii kuna 2 mahali popote?

#60 Fundi_Bomba
Ndiyo, gawanya kwa 5 zote, PCl5 ni 0.10. Mbili hakuna, wanatoka mmoja mmoja. Na kabla hujaniuliza: sijapuuza kitu.